Bakuli la Zawadi na Kadi Yake

Kadi nyingi zinazofungwa kwenye bakuli la sakulenti zina sentensi moja tu ya maana: "Mwagilia mara moja kwa wiki." Aliyeiandika alitaka kumrahisishia kazi mtu asiyejua lolote kuhusu mimea, na nia yake haina kosa. Lakini ratiba hiyo inaweza kufaa kwenye baraza lenye jua na upepo mwezi wa Januari, kisha ikawa sumu kwenye meza ya sebuleni mwezi wa Julai, katika nyumba ileile na kwa bakuli lilelile.

Sakulenti ni jina la jumla la mimea inayojiwekea akiba ya maji kwenye majani, shina au mizizi. Watu wa Afrika Mashariki wameishi nayo siku zote bila kuona haja ya kuipa jina moja: mshubiri ulioota nyuma ya jiko, mnyaa wa uani, mkonge wa mashambani. Inayowekwa kwenye mabakuli ya zawadi ni jamaa zao wadogo, waliochaguliwa kwa sura.

Tuchukue bakuli la aina inayouzwa sana Nairobi, kwa wauza miche wa kando ya Barabara ya Ngong na kwenye maduka ya maua. Ni la kauri nyeupe, upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 8, na chini halina tundu. Ndani mna echeveria mbili, zile zenye majani manene yaliyopangika kwa duara mfano wa ua la waridi, rangi ya kijivu iliyotiwa wekundu kwenye ncha. Kando yake kuna haworthia fupi, ya kijani kibichi yenye mistari myeupe, kisha tawi la krasula lenye majani ya mviringo yanayong'aa. Nyuma amesimama mkonge mwitu mdogo, ambao wauzaji wengi huuita sansevieria. Udongo wote umefunikwa kokoto nyeupe. Anayepewa ni mwalimu anayestaafu, au maharusi, au mwenzetu wa kazini aliyehamia nyumba mpya, na huenda hajawahi kupanda hata kitunguu cha majani kwenye kopo.

Kadi ya bakuli kama hilo inaweza kusema hivi, na isizidi hapo:

"Bakuli hili halina tundu chini, kwa hiyo maji ya ziada hayana pa kutokea. Siku kumi za kwanza usilimwagilie kabisa. Liweke karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi. Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini, kiache dakika kumi, kisha ukichomoe. Kikitoka na unyevu au udongo umekigandia, subiri. Kikitoka kikavu, subiri siku mbili zaidi, kisha mwagilia nusu kikombe cha chai, ukizungushia kwenye udongo na si juu ya majani. Jani likikunjamana na kijiti ni kikavu, mmea una kiu. Jani likiwa la njano, teketeke na linapitisha mwanga, mmea umezidishiwa maji. Baada ya miezi sita hivi, hamishia kila mmea kwenye chungu chake chenye tundu."

Maneno hayo yanatosha upande wa nyuma wa kadi ya kawaida. Yaliyobaki hapa ni sababu zake, kwa sababu mtu akiijua sababu hahitaji kuitafuta kadi kila mara, na pia anajua ni lini aivunje.

La tundu limetangulizwa kwa makusudi. Mizizi ya mmea inavuta hewa. Katikati ya chembe za udongo kuna nafasi ndogondogo zenye hewa, na maji yakizijaza zote kwa siku nyingi, mizizi inakosa oksijeni na kuanza kufa. Ikishakufa, vimelea vya ukungu na bakteria vilivyomo udongoni vinaishambulia, na uozo unapanda hadi kwenye shina. Ndiyo maana si sahihi sana kusema kwamba sakulenti "haipendi maji". Nyikani inapata mvua kubwa za ghafla na kuzinywa zote. Kisichovumilika ni mizizi kukaa ndani ya maji baada ya kunywa.

Wapangaji wengi wa mabakuli wanalijua tatizo hili, na dawa yao ni kutandaza kokoto au vipande vya mkaa chini kabla ya kuweka udongo. Mteja anaambiwa maji ya ziada yatashuka huko. Inasikika kama hoja nzuri, ila udongo haufanyi kazi hivyo. Maji hayatoki kirahisi kwenye udongo laini kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto. Yanashikiliwa na udongo wa juu hadi ushibe kabisa, ndipo yaanze kudondoka. Kwa hiyo tabaka la udongo uliolowa linabaki palepale, ila sasa limesogezwa juu zaidi, karibu na mizizi. Na yale machache yatakayofika kwenye kokoto hayana njia ya kutoka. Kokoto za chini si kosa kubwa, lakini zisimpe mtu ujasiri wa kumimina kikombe kizima.

Kuna jambo la pili linaloifanya mimea hii itumie maji polepole kiasi cha kumshangaza mgeni. Mmea wa kawaida, kama mchicha au mgomba, hufungua vitundu vya majani yake mchana ili uvute hewa ya ukaa, na kupitia vitundu hivyohivyo hupoteza maji mengi juani. Sakulenti nyingi zimepanga siku yao kinyume. Zinafunga vitundu mchana wa joto na kuvifungua usiku kukiwa na ubaridi. Hewa ya ukaa inayoingia usiku huhifadhiwa ndani ya jani kama asidi, kisha mchana mmea huitoa huko na kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, milango ikiwa imefungwa. Nanasi linafanya hivyo, na mkonge pia. Matokeo yake ni kwamba bakuli lenye udongo wa lita moja na ushei linaweza kukaa wiki mbili au tatu kabla halijakauka hadi chini, huku juu likionekana kavu tangu siku ya tatu.

Hapo ndipo kidole kinapodanganya. Ushauri wa kugusa udongo kwa kidole unafaa kwa chungu cha mchicha, si kwa bakuli la kina cha sentimita 8 lililofunikwa kokoto. Kijiti cha mshikaki kinafika chini kabisa, kwenye maji yaliyofichika. Ni kijiti kilekile cha mianzi kinachouzwa kwa fungu dukani, kikiwa kipya na kisicho na mafuta ya nyama. Kinachomekwa wima katikati ya mimea miwili, kinaachwa dakika kumi ili mbao zinyonye unyevu, kisha kinachomolewa na kutazamwa. Sehemu iliyolowa inageuka rangi na kuwa nyeusi kidogo, na chembe za udongo zinaganda. Mtu asiye na uhakika akiweke kwenye mdomo wa juu: ubaridi unahisika hapo kuliko kwenye vidole. Wapo wanaopima kwa kulinyanyua bakuli tu. Likiwa kavu ni jepesi, na tofauti inajulikana haraka baada ya kulibeba mara mbili tatu.

Wakati mwingine kijiti hakipenyi, kwa sababu kokoto za juu zimegandishwa kwa gundi. Wauzaji hufanya hivyo ili bakuli lisimwagike njiani kwenye bodaboda. Gamba hilo linazuia maji kuingia sawasawa na linazuia udongo kukauka, kwa hiyo halina budi kung'olewa. Kisu cha mezani kisicho na makali kinatosha kulibandua taratibu kuanzia ukingoni, na likitoka linatoka kama sahani.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu wa kubuni na tumpe kadi ile ya kawaida, yenye sentensi moja. Amepokea bakuli mwanzoni mwa Juni, Nairobi, msimu wa baridi na mawingu. Amelipanga juu ya rafu, mita tatu kutoka dirishani, kwa sababu hapo ndipo linapopendeza. Jumamosi ya kwanza anamwagilia nusu kikombe. Udongo wa bakuli bado una unyevu wa kitaluni, lakini kokoto za juu ni kavu na hana sababu ya kushuku. Jumamosi ya pili nusu kikombe kingine, ya tatu kingine. Bila jua na bila upepo, na usiku ukiwa wa baridi, mimea haijamaliza hata kile cha kwanza. Chini ya bakuli sasa pana tope.

Wiki ya nne majani ya chini ya echeveria yanabadilika. Yanapauka kuwa ya njano, yanavimba kidogo, na yakishikwa yanadondoka yenyewe bila kuvutwa. Mwalimu anaona majani yanakufa na anafikiri kama mtu yeyote angefikiri: mmea una kiu. Anaongeza maji. Baada ya siku chache majani ya juu nayo yanakunjamana, jambo linalomthibitishia kwamba kweli ni kiu, na anaongeza tena. Kumbe mizizi imeshaoza na haiwezi kunywa, kwa hiyo mmea unanyauka kwa kukosa maji huku umesimama ndani ya maji.

Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya somo lote, na ndiyo iliyofanya kadi yetu itaje majani mawili badala ya moja. Jani lenye kiu linakunjamana kama ngozi ya kidole kilichokaa majini, linakuwa jembamba na legevu, lakini rangi yake inabaki na linashikilia shina. Majani machache ya chini kabisa yanaweza kukauka hadi yakawa karatasi ya kahawia, na hilo ni jambo la kawaida la umri, yaondolewe tu. Jani lililozidishiwa maji halikauki. Linageuka kama kioo, la njano au kahawia ya maji, na likibonyezwa linapasuka. Na jani lililokunjamana juu ya udongo uliolowa lina maana yake ya peke yake: mizizi imekwisha. Kwa hiyo mtu asiamue kwa kutazama jani peke yake. Kijiti kwanza, jani baadaye.

Je, bakuli la mwalimu linaokoleka? Kwa kawaida si lote, ila mimea mingi iliyomo inaokoleka, mradi uozo haujafika kichwani. Mimea inang'olewa yote na udongo uliolowa unatupwa. Mizizi yenye afya ni myeupe au ya kahawia hafifu na ni imara, iliyooza ni myeusi, inateleza na inanuka. Kwa echeveria, kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti kinakata shina juu ya sehemu iliyooza. Mkato unatazamwa: ukionekana alama ya kahawia katikati au pembeni, kisu kinapanda tena juu kidogo, hadi nyama ya ndani iwe safi, ya kijani au nyeupe yote. Halafu kichwa kinaachwa juu ya gazeti kivulini siku nne hadi saba, bila udongo wala maji.

Wengi hushindwa hapo. Kumwacha mgonjwa mezani wiki nzima bila tone la maji kunaonekana ni ukatili, ilhali ndiyo tiba. Kidonda lazima kifunge na kuwa gamba kavu, la sivyo uozo unaingia upya siku ileile kinapogusa udongo. Maji yaliyomo kwenye majani yanatosha kabisa kwa kipindi hicho. Kidonda kikishakauka, kichwa kinakalishwa juu ya udongo mkavu wenye mchanga, na maji kidogo yanaanza baada ya wiki moja hivi. Mizizi mipya huchukua wiki mbili hadi nne kuonekana, na kwenye baridi zaidi ya hapo. Kujua imeshika, kichwa kinavutwa kidogo sana kwa vidole viwili. Kikigoma, kimeshika.

Zile siku kumi za mwanzo bila maji nazo zina maelezo ya namna hiyohiyo. Bakuli la zawadi mara nyingi limepangwa siku moja kabla ya kuuzwa. Mimea imetolewa kwenye viriba au vikopo vyake, mizizi imekatikakatika ili itoshe, na baadhi, hasa krasula, ni matawi yaliyochomekwa tu, hayana mzizi hata mmoja. Vidonda vyote hivyo vimo udongoni, na udongo wenyewe haukosi unyevu. Kuuacha ukauke kwanza kunavipa vidonda nafasi ya kufunga. Hakuna sakulenti yenye majani yaliyojaa itakayokufa kwa kiu ndani ya siku kumi.

Kuhusu mwanga, jicho la binadamu ni shahidi mbaya. Chumba kinachoonekana cheupe kwetu kinaweza kuwa giza kwa echeveria. Mita moja kutoka dirishani mwanga umepungua sana, na kwenye rafu ya mwalimu ni kama haupo. Dalili haichelewi: majani yanaachana, shina linarefuka baina yake, kichwa kinainama kuelekea dirishani, na wekundu wa ncha unapotea. Urefu huo haurudi ukubwa wake hata mmea ukipelekwa juani baadaye. Karibu na ikweta dirisha bora ni la mashariki, linalopata jua la saa moja hadi saa nne za asubuhi. La magharibi linapata jua kali la alasiri na linafaa likiwa na pazia jepesi. Madirisha ya kaskazini na kusini yanapokezana jua kwa misimu: huku kwetu, mwezi wa Juni jua linaingia kwa upande wa kaskazini, na Desemba kwa upande wa kusini.

Mtu akishtuka na kulitoa bakuli lake rafuni moja kwa moja hadi juani mchana kutwa, atapata tatizo jingine. Majani yaliyozoea kivuli yanaungua na kuota mabaka meupe au ya kahawia, makavu, upande uliokabili jua. Hayaponi, yanabaki hadi jani lidondoke. Dawa ni kulisogeza kidogokidogo, saa moja ya jua la asubuhi siku za mwanzo, na kuongeza taratibu kwa muda wa wiki mbili.

Ule unga mweupe unaofunika majani ya echeveria si vumbi na si ugonjwa. Ni nta inayolinda jani dhidi ya jua na maji. Ikifutwa kwa kitambaa au kwa vidole vya watoto wadadisi, hairudi kwenye jani hilo. Basi asitokee mtu wa kuyapaka majani mafuta ili yang'ae, wala kuyanyunyizia maji kwa chupa ya dawa ya nywele. Maji yanayotuama katikati ya kichwa cha echeveria usiku kucha ni mwanzo wa uozo, na kwa mizizi hayajasaidia kitu.

Si kila bakuli linafaa kila mji, na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Echeveria nyingi asili yake ni milima na nyanda za juu za Meksiko, kwenye mchana wa jua na usiku wa baridi. Nairobi, iliyo mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, inafanana na kwao kwa kiasi, na hivyo Arusha, Iringa au Mbeya. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam ni habari nyingine: usiku ni wa joto, hewa ina unyevu, na echeveria inahangaika, inarefuka na kuoza kwa kosa dogo tu. Si kwamba mimea ya Meksiko haipatani na pwani yetu. Mkonge wa Tanga, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, nao asili yake ni Meksiko, lakini ni wa sehemu zenye joto za nchi hiyo. Ni nchi moja yenye hali mbili za hewa, na kila mmea umebeba ya kwake.

Kwa hiyo anayemnunulia zawadi mtu wa pwani angefanya vizuri kuliacha bakuli la waridi za kijivu na kuchagua mkonge mwitu, mshubiri au waridi la jangwani, lile lenye shina nene na maua mekundu au ya waridi. Yote matatu yana aina za asili ya Afrika Mashariki, zilizozoea joto. Mkonge mwitu hasa unavumilia karibu kila kitu, hata kona yenye mwanga hafifu, isipokuwa tope.

Katika bakuli letu la Nairobi tofauti hizo zimo ndani ya duara moja. Echeveria inataka jua la kutosha. Haworthia, ambayo kwao Afrika Kusini mara nyingi huota chini ya vichaka na kando ya mawe, inataka mwanga usio mkali, na ikipigwa na jua la mchana inageuka rangi ya kutu. Krasula itakuwa kichaka ikiachwa, mkonge mwitu utatandaza mashina yake chini ya udongo na kusukuma wenzake. Mpangaji ameviweka pamoja kwa sababu ya rangi na kimo, kama apangavyo shada la maua, na kwa miezi michache vinakaa kwa amani kwa kuwa ni vidogo. Ndiyo maana kadi inataja miezi sita. Bakuli halikutengenezwa lidumu kama lilivyo, na anayelijua hilo hatajilaumu siku litakapokosa sura.

Kabla ya siku hiyo kuna mgeni mmoja wa kumtazamia: kidung'ata. Anaonekana kama kipande kidogo cha pamba kilichonasa penye kikwapa cha jani, na mara nyingi anakuwa amekuja na bakuli kutoka kitaluni. Ananyonya utomvu na kuacha unatounato unaovuta sisimizi, kwa hiyo msururu wa sisimizi kuelekea kwenye bakuli ni sababu ya kuchungulia katikati ya majani. Pamba ya masikio iliyochovywa kwenye spiriti na kuguswa juu ya kila mmoja inamaliza kazi. Zoezi lirudiwe kila wiki kwa wiki tatu au nne, kwa sababu mayai hayaonekani. Kama bakuli lina kipande cha mnyaa au jamaa yake yeyote mwenye utomvu mweupe, mikono ioshwe na macho yasiguswe: utomvu huo unaunguza jicho vibaya, na watoto wanatakiwa kulijua hilo kabla ya kuvunja tawi kwa mchezo.

Siku ya kugawanya ikifika, udongo uwe mkavu kabisa, kwani mizizi mikavu inakung'utika bila kukatika sana. Kila mmea unapata chungu chenye tundu, kisichozidi upana wake kwa zaidi ya vidole viwili, maana chungu kikubwa kina udongo mwingi usio na mizizi ya kuukausha. Mchanganyiko rahisi ni nusu udongo wa bustani uliochekechwa na nusu mchanga mkubwa wa mtoni, ule wenye chenga. Mchanga wa ufukweni haufai kwa sababu ya chumvi, na mchanga laini wa lipu unagandamana kama saruji. Mahali ambapo mawe mepesi ya volkano yanapatikana, yale yanayoelea majini, yakipondwa hadi ukubwa wa punje za mahindi yanashinda mchanga, kwa kuwa yana matundu ya hewa ndani yake. Kwenye chungu chenye tundu sheria ya nusu kikombe inakufa: maji yanamiminwa hadi yatoke chini, sahani inamwagwa, kisha kijiti cha mshikaki kinarudi kazini kama awali.

Echeveria iliyorefuka rafuni inahamishwa kwa njia tofauti kidogo. Kichwa kinakatwa kikiwa na shina la sentimita mbili tatu chini yake, kinakaushwa siku zilezile nne hadi saba, na kupandwa peke yake. Kisiki kilichobaki kikiwa kizima kisitupwe. Kikiachwa kwenye mwanga, na kumwagiliwa pale tu udongo unapokauka, baada ya wiki kadhaa kinachipua vichwa vidogo ubavuni, na kila kimoja kikifika upana wa sarafu kinaweza kukatwa na kupandwa chenyewe.